Fedha, Bei, Juma na Ajali: Maneno ya Kiarabu Yaliyohama Maana

Katika Kiarabu, "fiddha" ni jina la madini. Sonara wa Maskati akilitamka neno hilo huwa anazungumzia pete, mkufu au ala ya jambia, wala hafikirii pesa ya kununulia unga. Katika Kiswahili, neno hilohilo limekuwa "fedha", na ndilo jina la wizara inayoandaa bajeti ya nchi. Maana ya madini haijafa: mwanariadha anayeshika nafasi ya pili bado huvalishwa medali ya fedha. Lakini mtu akisema "sina fedha", hakuna anayedhani amekosa madini.

Maneno mengi ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu yamepita njia ya namna hiyo. Yaliingia katika lugha kwa shughuli maalumu: biashara ya bandarini, ibada na hukumu za kadhi, au utawala. Kila neno lilikuja na kazi yake. Kazi ilipobadilika, neno liliifuata, na aghalabu liliiacha maana lililotoka nayo. Mabadiliko haya ni ya aina tatu. Maana inaweza kupanuka, ikagusa mambo mengi zaidi. Inaweza kufinyika, ikabaki na sehemu tu ya ilivyokuwa. Au inaweza kuhama kabisa. Maneno ya pesa na ya wakati yanaonyesha aina zote tatu kwa uwazi, kwa sababu namna ya kulipana na namna ya kuhesabu siku zimebadilika sana katika pwani ya Afrika Mashariki.

Fedha: madini yaliyogeuka pesa

Kupanuka kwa neno "fedha" kunaeleweka mtu akitazama sarafu zilizotumika pwani katika karne ya 19. Sarafu iliyoaminika kuliko zote ilikuwa ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo Waswahili waliiita riale. Iliandikwa mwaka 1780, na iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka huohuo muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufa. Uzito wake ulikuwa gramu 28 hivi, na zaidi ya sehemu nne kwa tano za uzito huo zilikuwa fedha halisi. Thamani yake ilitokana na madini yenyewe, na iliweza kuyeyushwa ikawa bangili. Aliyelipwa kwa riale alikuwa amelipwa fedha kwa maana zote mbili, na hapakuwa na haja ya kuzitenganisha.

Baadaye madini yalianza kutoka ndani ya sarafu huku jina likibaki. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika mwaka 1921, robo tu ya madini yake ilikuwa fedha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940, shilingi mpya zilikuwa za mchanganyiko wa shaba na nikeli, bila fedha hata chembe. Watu hawakubadilisha neno. Leo hata tarakimu zinazoonekana kwenye simu ni fedha. Neno limekwenda mbali na bahari pia: katika Kiswahili cha Lubumbashi, huko Kongo, hutamkwa "feza", na maana yake ni pesa.

Neno "pesa" lenyewe, ambalo wengi hulidhania kuwa la Kiarabu, lilitoka Bara Hindi. Lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba, na 64 kati yake zilifanya rupia moja. Sultani Barghash wa Unguja alipiga pesa zake za shaba mwaka 1882, na Wajerumani nao walipiga za kwao katika miaka ya 1890. Hapo maneno mawili yalikuwa yamegawana kazi: fedha ilikuwa sarafu kubwa nyeupe, na pesa ilikuwa sarafu ndogo nyekundu ya kununulia vitu rejareja. Mgawanyo huo ulipokwisha, maneno yote mawili yalibaki na maana moja. Tofauti iliyosalia ni ya heshima tu: "fedha" ni ya wizara, benki na mikataba, "pesa" ni ya sokoni na mfukoni.

Bei, thamani, rahisi na nafuu

Neno likihama, huacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na neno jingine. Mfano mzuri ni lugha ya sokoni. Katika Kiarabu, "bai" ni tendo la kuuza. Neno hilo limo ndani ya "biashara", ambalo asili yake ni maneno mawili, "bai" na "shira", yaani kuuza na kununua. Lakini lilipoingia peke yake katika Kiswahili, likawa "bei", na maana yake si tendo tena bali kiasi kinachotajwa. Kuhama huku hakushangazi. Mnunuzi anayeuliza habari za uuzaji hutaka kujua jambo moja tu: ni kiasi gani?

Kiarabu kina neno lake la kiasi hicho, nalo ni "thaman". Neno hilo pia liliingia katika Kiswahili, likawa "thamani". Kwa kuwa nafasi ya kiasi kinachotajwa ilikuwa imeshikwa na "bei", "thamani" lilipanda ngazi, likawa na maana ya ubora au uzito wa kitu, hata kisichouzwa. Ndiyo maana Mswahili anaweza kusema kwamba saa ya marehemu baba yake haina bei kubwa lakini ina thamani kubwa. Sentensi hiyo hutenganisha mambo mawili kwa maneno mawili yaliyokopwa. Mwarabu akiisikia kwa maana za kwao atapata kitu cha ajabu: kwamba saa haina uuzaji mkubwa lakini ina bei kubwa.

Neno "rahisi" limesafiri mbali zaidi. Asili yake ni "rakhis", yaani kitu cha bei ndogo, na hiyo ndiyo maana inayopewa uzito katika kamusi za zamani za Kiswahili. Lilikuwa jozi ya "ghali": kitu huwa ghali au huwa rahisi. Kutoka hapo maana ilianza kutambaa. Kitu cha bei ndogo hakimsumbui mtu kukipata, na jambo lisilomsumbua mtu ni jepesi kufanyika. Hivyo "rahisi" likaanza kutumika kwa kazi, safari, swali na mtihani, mambo ambayo hayana bei kabisa. Kiarabu hutumia neno jingine kwa wepesi huo, "sahl". Kiswahili pia kililikopa kwa umbo la "sahali", lakini leo hilo husikika zaidi katika ushairi kuliko katika mazungumzo.

Maana mpya ya "rahisi" ilipokua, ile ya zamani ilianza kudhoofika. "Bei rahisi" bado husemwa, lakini kitu kikiitwa "rahisi" tu, msikilizaji wa leo huelewa kwanza kwamba ni chepesi kutumia. Anayetaka kusema bei ni ndogo huchukua neno jingine, "nafuu", ambalo nalo ni mhamiaji. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya manufaa. Katika Kiswahili lilishikamana na ugonjwa: mgonjwa aliyeanza kupona amepata nafuu. Kutoka kupungua kwa maumivu likaja kupungua kwa gharama, na sasa kila mwenye duka anatangaza bei nafuu. Hivyo maneno manne ya Kiarabu yamesogea hatua moja moja, kila moja likichukua kiti kilichoachwa wazi au likisukumwa na lililokaa tayari.

Ushuru na gharama

"Ushuru" lina nambari iliyofichwa ndani yake. Katika Kiarabu, "ushr" ni moja ya kumi. Katika sheria za Kiislamu neno hilo lilitajwa hasa kwa zaka ya mazao: moja ya kumi kwa yaliyokuzwa na mvua, na nusu ya kiwango hicho kwa yaliyomwagiliwa kwa kazi ya mtu. Katika forodha za bandari neno hilo likawa jina la malipo yanayotozwa bidhaa, na hapo nambari ikaanza kupoteza nguvu.

Mkataba ambao Sayyid Said alitiliana na Wamarekani mwaka 1833 uliweka asilimia 5 kuwa malipo ya bidhaa zinazoshushwa katika bandari zake. Kwa hesabu kavu, hiyo ilikuwa nusu ya "ushr". Kwa Mswahili wa bandarini, bado ulikuwa ushuru, kwa sababu kwake neno hilo lilimaanisha anachochukua mtu wa forodha, kiwe kiasi gani. Lugha yenyewe ilisaidia kuikata kamba hiyo. Kiswahili huhesabu hadi kumi kwa neno lake la Kibantu, "kumi", kwa hiyo sikio halikuwa na kitu cha kulikumbusha kwamba "ushuru" ni sehemu ya kumi. Leo nchini Kenya neno hilo hutumika kwa kodi za aina nyingi, ikiwemo ile ya asilimia 16 inayoongezwa kwenye bidhaa. Wazo la kumi lenyewe halikupotea, ila lilihamia kwingine: Wakristo huliita "fungu la kumi", na baadhi yao hutumia "zaka", neno jingine la Kiarabu lililobadilisha waumini.

"Gharama" nalo limepoteza ukali. Katika Kiarabu ni faini au fidia, yaani pesa anayolazimishwa kulipa mtu aliyekosea au aliyesababisha hasara. Hadi leo, katika nchi za Ghuba, dereva aliyepita taa nyekundu hupewa "gharama". Katika Kiswahili kosa limeondoka, yakabaki malipo yenye uzito. Harusi ina gharama, elimu ina gharama, na kugharamia ni kumlipia mwingine kwa hiari, tena kwa sifa. Nafasi ya adhabu iliyoachwa wazi ilijazwa na neno la Kiingereza, "faini".

Riba na faida zilivyopishana

Kuna maneno mawili ambayo yamepishana njiani. Katika Kiarabu cha leo, benki za kawaida huliita ongezeko la mkopo "faida". Neno "riba" wanalikwepa, kwa sababu ndilo lililokatazwa na sheria ya Kiislamu, na kulitamka ni kama kukiri kosa. Katika Kiswahili mambo yamekuwa kinyume. "Faida" ni pato la halali la mfanyabiashara baada ya kutoa matumizi, au manufaa yoyote ya jambo. "Riba" ndilo jina la kawaida la ongezeko la mkopo, nalo huandikwa bila haya kwenye mabango ya benki.

Kwa msemaji wa Kiswahili cha ofisini, neno "riba" halina tena harufu ya dhambi. Mnamo Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuendesha sera yake ya fedha kwa kiwango inachokiita Riba ya Benki Kuu, kikianzia asilimia 5.5. Jina kama hilo lisingewezekana kwa urahisi katika nchi inayozungumza Kiarabu. Hata hivyo, maana ya zamani haijafutika. Katika nchi hizohizo za Afrika Mashariki zipo huduma za benki zinazotangazwa kuwa hazina riba, na hapo neno hurudishiwa hukumu yake ya kidini. Msomaji lazima atazame nani anazungumza. Katika taarifa ya uchumi, riba inaweza kupanda au kushuka. Katika hotuba ya msikitini, kidogo chake na kingi chake ni haramu.

Pale wakati unapogeuka pesa

Baadhi ya maneno ya pesa yalianza yakiwa maneno ya wakati. "Mshahara" ni mojawapo. Asili yake ni "mushahara", yaani kufanya jambo kwa mwezi, kutokana na "shahr", mwezi. Aliyeajiriwa kwa mushahara alilipwa mwezi unapokwisha, tofauti na kibarua wa siku. Katika Kiswahili mwezi umezama ndani ya neno, haujitokezi tena. Watu husema "mshahara wa mwezi" bila kuhisi kurudia, na kurasa za michezo husimulia mshahara wa wiki wa mchezaji anayecheza Ulaya. Kwa asili ya neno, huo ungekuwa "malipo ya mwezi ya wiki". Sarufi nayo ilishiriki kulifanya neno kuwa la nyumbani. Sauti ya mwanzo ilichukuliwa kuwa kiambishi, kama katika "mti", na wingi wake ukawa "mishahara".

"Akiba" lilitoka katika wazo la mwisho wa mambo. Kwa Kiarabu, neno hilo, ambalo "a" yake ya kwanza huvutwa, ni matokeo, kile kinachofuata nyuma baada ya tendo. Limetokana na mzizi unaohusu kisigino. Katika Kiswahili, kinachofuata baadaye kimegeuka kile kinachowekwa kwa ajili ya baadaye: nafaka ghalani, pesa benki, hata mchezaji wa akiba anayesubiri pembeni ya uwanja. Maana haikuruka, bali ilibadilisha upande wa kutazama. Mwarabu hutazama mwisho utakaokuja; Mswahili hutazama kitu alichokiandaa kwa ajili ya mwisho huo.

Siku na juma

Katika maneno ya wakati wenyewe, mlango mkubwa wa kuingilia ulikuwa swala. Alfajiri, adhuhuri na alasiri ni majina ya nyakati za ibada, na yamekuja yakiwa yamebeba kiambishi cha Kiarabu cha kubainisha, "al", ambacho katika "adhuhuri" na "asubuhi" kilimezwa na sauti iliyokifuata. Yalipotoka msikitini, mipaka yake ililegea. Asubuhi, ambayo kwa asili ni mapambazuko, katika Kiswahili huendelea hadi saa nne au tano. Alasiri hutumiwa na watangazaji wa redio na watu wa dini zote kwa maana ya baada ya mchana, bila kufikiria swala.

Juma lina hesabu ya kuvutia zaidi. Katika Kiarabu, "Jumua" ni siku ya Ijumaa, siku ya kukusanyika. Kiswahili kiliigawa asili hiyo mara mbili. Umbo la "Ijumaa" likabaki kuwa jina la siku yenyewe, na umbo la "juma" likawa jina la siku zote saba, kwa kuwa kutoka Ijumaa hadi Ijumaa ni mzunguko mmoja. Kisha Waswahili wakahesabu siku zinazofuata kwa nambari zao wenyewe: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu, Jumanne, hadi Jumatano, siku ya tano.

Baada ya Jumatano tungetarajia Jumasita. Badala yake inakuja Alhamisi, ambalo ni neno la Kiarabu, na maana yake ni ya tano. Waarabu huanza kuhesabu kutoka siku ambayo Waswahili huiita Jumapili, na kwa hesabu yao Alhamisi ni ya tano kweli. Kwa hiyo juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana, moja kwa hesabu ya Kibantu iliyoanzia siku ya pili yake Ijumaa, na nyingine kwa hesabu ya Kiarabu. Alhamisi ilibaki na jina lake la kigeni pamoja na Ijumaa inayoifuata.

Mpaka wa siku nao uliingia katika mvutano. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi magharibi. Kwa kalenda ya serikali, siku hubadilika saa sita usiku. Mtu akialikwa shughuli ya "usiku wa Ijumaa" anaweza kufika siku moja baadaye. Waandishi wa habari hutatua tatizo hilo kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", maneno yanayoeleweka kwa hesabu zote mbili.

Maneno mengine ya wakati yamefinyika. "Zaman" katika Kiarabu cha vitabuni ni wakati wowote, uliopita au ujao; "zamani" ya Kiswahili ni iliyopita tu. "Tarikh" ni tarehe ya siku na pia historia ya watu. "Tarehe" ya leo ni nambari ya siku kwenye kalenda, na kazi ya pili imechukuliwa na "historia".

Ajali: kutoka muhula hadi mkasa

Hakuna neno linaloonyesha kuhama kwa maana kama "ajali". Katika Kiarabu, "ajal" ni muda uliowekwa, na matumizi yake ya kwanza yanaweza kuwa ya kibiashara kabisa. Anayeuza kwa mkopo na kumpa mnunuzi miezi mitatu amempa ajal. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inayoagiza madeni yaandikwe, inahusu madeni yenye ajal maalumu, yaani tarehe ya kulipa.

Maisha nayo yana muda wake uliowekwa. Hivyo ajal ni pia saa ya kufa ambayo Mungu amempangia kila mtu, na hii ndiyo maana iliyoshika mizizi katika Kiswahili. Katika matumizi ya zamani, "ajali yake imefika" ni kusema siku zake zimekwisha, hata kama alikufa kitandani kwa uzee. Methali isemayo "ajali haina kinga" inaeleweka vizuri zaidi kwa maana hiyo: hakuna awezaye kuizuia saa iliyopangwa.

Kutoka hapo neno lilipiga hatua mbili. Hatua ya kwanza ilikuwa kutoka saa ya kufa hadi tukio lililoileta. Mtu aliyeangukiwa na mnazi au aliyezama na chombo alikufa kwa ghafla, na watu walipoeleza kifo hicho walisema ni ajali yake. Msikilizaji angeweza kuelewa neno hilo kwa namna mbili, kuwa ni muhula wake au ni kile kilichompata. Hatua ya pili ilikuwa kuachana na kifo. Reli, viwanda na magari vilileta mikasa mingi ambayo wahusika walinusurika, na jina lililokuwepo likatumika kwa yote.

Umbali wa safari hiyo unaonekana katika sentensi ya kawaida ya gazeti: "Hakuna aliyekufa katika ajali hiyo." Kwa maana ya zamani, sentensi hiyo inajipinga yenyewe, kwa kuwa ajali isiyo na kifo haikuwa ajali. Kwa maana ya leo ni habari njema. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba neno limegeuka kichwa chini. Ajal ni jambo lililopangwa, lenye saa yake isiyosogezwa mbele wala nyuma. Ajali ya leo ni jambo ambalo halikupangwa na mtu yeyote, na polisi hulichunguza ili kujua lingeweza kuepukwa vipi. Mwarabu huliita tukio hilo "hadith", kwa "a" ya kwanza inayovutwa, neno la ukoo mmoja na lile lililoingia katika Kiswahili kama "hadithi" na kubaki na maana ya masimulizi.

Namna ya kuthibitisha kuhama

Si kila tofauti kati ya Kiswahili na kamusi ya Kiarabu ni kazi ya Waswahili. Waarabu waliofika pwani, hasa wa Oman na Hadhramauti, walizungumza lahaja zao, na lahaja hutofautiana na Kiarabu cha vitabuni. "Tajiri" ni mfano. Kiarabu cha vitabuni husema "tajir" ni mfanyabiashara, na Kiswahili husema ni mtu mwenye mali. Ni rahisi kudai kwamba maana ilihama pwani. Lakini katika lahaja za Ghuba, "tajir" huweza kuwa mtu mwenye mali pia, kwa hiyo huenda neno liliwasili likiwa limekwishabadilika. "Zamani" nalo ni hivyo: katika Kiarabu cha mitaani cha nchi kadhaa, "zaman" ni hapo kale.

Kwa sababu hiyo mchunguzi hulinganisha mambo matatu: maana ya mzizi katika Kiarabu cha vitabuni, matumizi ya lahaja za watu waliosafiri hadi pwani, na kamusi za Kiswahili za vipindi tofauti. Kamusi ya Ludwig Krapf ilitoka mwaka 1882. Ile ya Charles Sacleux na ile inayojulikana kwa jina la Frederick Johnson zilitoka mwaka 1939. Na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981. Neno likionekana na maana ya zamani katika kamusi ya kwanza na maana mpya katika ya mwisho, mabadiliko yametokea ndani ya Kiswahili, na kipindi chake kinaweza kukadiriwa. Likionekana na maana mpya tangu mwanzo, lazima litafutwe ng'ambo.

Tofauti hizi haziharibu Kiswahili, wala hazihitaji kusahihishwa kwa Kiarabu. Maana sahihi ya neno la Kiswahili ni ile wanayoelewana nayo Waswahili, na anayeng'ang'ania kwamba rahisi ni cha bei ndogo tu atakuwa anasema lugha yake peke yake. Zinaleta hatari mahali pamoja: kwenye karatasi za Kiarabu. Mtu kutoka Afrika Mashariki anayekwenda kufanya kazi Oman au nchi nyingine ya Ghuba anaweza kuwekewa mkataba wenye maneno anayodhani anayafahamu. Akisomewa "gharama", ajue inaweza kuwa faini atakayotozwa. Akisikia "faida" katika mkopo, ajue ni riba. Na akiona "ajal", asitafute kifungu cha bima, kwa kuwa hiyo ni tarehe anayotakiwa kulipa.